Devi ya video ya vila: duru za marekebisho na saa za renda

*Swali: Ninafanya picha za 3D za nyumba hapa Lubumbashi, kazi yangu mwenyewe, mashine moja. Kabineti ya waarkitekte imeniomba devi ya video ya kutembea ndani ya vila ya etaji moja, sekunde 90 hivi. Mara iliyopita, kwa mteja mwingine, niliandika bei moja na maneno "marekebisho yamo". Nilirenda mara tatu na sikubaki na kitu. Safari hii niandike nini juu ya marekebisho na muda wa renda?*

Ndugu, maneno hayo mawili, "marekebisho yamo", ndiyo yaliyokula faida yako. Kwenye picha moja ya kusimama, kubadilisha rangi ya ukuta ni dakika kumi za mkono na dakika tano za mashine. Kwenye video, rangi hiyohiyo inagusa kila fremu ambamo ukuta unaonekana, na fremu hizo zinaweza kufika mia sita. Mteja haoni tofauti, kwa sababu kwake ni "rangi tu". Devi ndiyo inayopaswa kumwonyesha: badiliko lililoombwa kabla mashine haijaanza kurenda ni karibu bure, na lililoombwa baadaye lina bei inayohesabika kwa fremu.

Anza na sekunde, maana kila kitu kinatoka hapo. "Sekunde 90 hivi" hazitoshi kwenye karatasi. Chukua plani, chora njia ya kamera kwa kalamu, pima mita. Nje, kamera inaweza kwenda mita 1 kwa sekunde. Ndani ya nyumba ishushe hadi 0.8, la sivyo mtazamaji anaona kama anasukumwa. Kugeuka robo ya duara kupewe sekunde 3, chini ya hapo kioo cha simu kinaonyesha ukungu tu. Ukipima hivyo utajua mapema kama vila yao inaenea kwenye sekunde 90, au kama wanataka vyumba kumi na mbili ndani ya muda wa vyumba sita. Hilo la pili ndilo la kawaida.

Tuseme umepima na njia ikagawanyika vipande sita. Video ni ya fremu 25 kwa sekunde, ukubwa 1920 × 1080, na dakika kwa fremu umezitoa kwenye kazi iliyopita inayofanana na hii, kwenye mashine yako mwenyewe:

| Kipande | Sekunde | Fremu | Dakika kwa fremu | Dakika zote |
|---|---|---|---|---|
| 1. Geti na uwanja, mchana | 20 | 500 | 2 | 1,000 |
| 2. Mlango, sebule, meza ya kulia | 26 | 650 | 5 | 3,250 |
| 3. Jikoni | 8 | 200 | 6 | 1,200 |
| 4. Ngazi na koridoo ya juu | 18 | 450 | 4 | 1,800 |
| 5. Chumba kikubwa na balkoni | 12 | 300 | 4 | 1,200 |
| 6. Uso wa nyumba, jioni | 6 | 150 | 6 | 900 |
| Jumla | 90 | 2,250 | | 9,350 |

Dakika 9,350 ni saa 156 za mashine. Jedwali hili liweke ndani ya devi jinsi lilivyo, usilifiche. Kabineti ya waarkitekte ni watu wa kipimo na kiasi. Wakiona fremu zimeandikwa kama mita za mraba za karo zinavyoandikwa, mazungumzo yanabadilika. Angalia pia kwamba kipande cha jioni, sekunde 6 tu, kinakula karibu sawa na uwanja wote wa mchana. Sababu ni taa: jua ni chanzo kimoja chenye nguvu, lakini jioni una taa ishirini ndogo nyuma ya vioo, na kompyuta inahangaika kutafuta mwanga kila kona. Jikoni ni vilevile, kwa ajili ya vyuma vinavyong'aa na chumba kidogo ambamo mwanga unadunda mara nyingi.

Kwenye saa 156 ongeza asilimia 15. Hiyo ni akiba ya makosa yako wewe: vitone vyeupe vinavyorukaruka, pazia lililopita ndani ya ukuta, fremu zilizokatika kuran ilipoondoka. Unafika saa 180. Usimwachie mteja aione akiba hiyo kama duru ya ziada. Andika wazi kwamba ni kwa ajili ya kasoro za renda.

Sasa zigeuze kuwa siku, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Saa 180 kugawa kwa 24 ni siku saba na nusu, lakini nani ana kuran saa 24? Kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa ambazo umeme ulikuwepo kweli nyumbani kwako na saa za delestaji, kisha toa wastani. Ikiwa ni saa 15 kwa siku, saa 180 ni siku 12. Kama unaanza renda katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba, chukua wastani wa miezi hiyo na usitumie wa Juni, kwa sababu radi na upepo vinakata waya hata siku ambayo si zamu ya kartye yenu.

Hilo linakupa pia njia ya kujibu mteja mwenye haraka bila kugombana. Akitaka renda iishe kwa siku 8, saa 180 zinadai saa 22.5 kila siku. Umeme unatoa 15, kwa hiyo saa 7.5 kila siku zinatoka kwenye jenereta, na kwa siku 8 ni saa 60. Pima jenereta yako inakunywa kiasi gani ikiwa imebeba kompyuta peke yake. Ikiwa ni lita moja kwa saa, haraka yake ina lita 60 za mafuta. Andika mstari wa peke yake: "Kuharakisha renda hadi siku 8: lita 60 kwa bei ya pampu ya siku hiyo, inalipwa kabla." Mara nyingi mteja akiona mstari huo anagundua kwamba siku 12 zinamtosha.

Tuje kwenye duru zenyewe. Kazi igawe kwa milango mitatu, na kila mlango ukifungwa kwa maandishi haufunguliwi tena bila bei mpya.

Mlango wa kwanza ni video ya kijivu. Modeli haina rangi wala taa, lakini kamera inatembea kwa kasi yake ya mwisho na sekunde ni zilezile 90. Inatoka kwa dakika chache, moja kwa moja kutoka kwenye kioo cha kazi, bila renda ya kweli. Hapa mteja anasahihisha maumbo, upana wa milango, urefu wa plafo, njia ya kamera, mahali pa kusimama, na chumba gani kiingie au kitoke. Mpe duru mbili. Usimruhusu aongee rangi hapa, na wewe usimjaribu kwa kuweka rangi nusunusu: ukuta ukiwa na rangi kidogo tu, barua yake yote itakuwa juu ya ukuta na hatagundua kwamba ngazi imegeukia upande usio wake.

Mlango wa pili ni picha sita za kusimama, moja kwa kila kipande, kwa ubora kamili wa mwisho. Chagua fremu inayoonyesha vitu vingi zaidi. Hapa ndipo kunasahihishwa rangi, karo, mbao, vioo, viti, taa, majani ya uwanjani. Duru mbili tena. Angalia bei yake kwako: ukijumlisha safu ya dakika kwa fremu kwenye jedwali, picha zote sita ni dakika 27. Mteja akizirudisha mara mbili umepoteza saa moja ya mashine. Mabadiliko hayohayo baada ya video kamili yangekuwa saa 156. Ukitaka sentensi moja ya kumweleza mwarkitekte kwa nini asaini picha sita kwa uangalifu, mwekee namba hizo mbili kando kwa kando.

Jambo moja kuhusu picha hizo sita: fremu moja haionyeshi kila kitu cha kipande. Kwenye sebule, sema ukuta wa nyuma ambao kamera inaugeukia mwishoni haumo kwenye picha. Kwa kipande cha 2 na cha 4, ambavyo ni virefu na vinageuka, toa picha mbili kila kimoja. Usipofanya hivyo, mteja atasema kwa haki kabisa kwamba ukuta ule hakuuona kabla ya kusaini.

Mlango wa tatu ni video kamili. Hapa duru ni moja, na ni ya vitu visivyogusa renda: mpangilio wa vipande, muziki, maandishi, logo ya kabineti, kung'arisha au kufifisha rangi ya picha nzima. Lolote linalotaka fremu irendwe upya ni kazi ya ziada, na bei yake imekwisha kuandikwa kwenye devi tangu siku ya kwanza.

Duru yenyewe lazima uieleze, maana neno peke yake kila mtu analijaza anavyotaka. Maandishi kama haya yanatosha:

> "Duru moja ni orodha moja ya maandishi, inayotumwa na mtu mmoja aliyetajwa hapa, ikionyesha sekunde ya kila badiliko. Inatumwa ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokea video au picha. Ombi linalofika baada ya orodha linaingia katika duru inayofuata. Duru isiyotumika haihamii kwenye mlango mwingine wala haipunguzi bei."

Najua devi nyingi Lubumbashi zinaandikwa kwa Kifaransa. Geuza maneno, lakini usiache hata kipande kimoja cha fungu hilo. "Mtu mmoja" ni muhimu kuliko unavyofikiri. Mwarkitekte anataka plafo nyeupe, mwenye nyumba anataka ya mbao, mke wake anatuma sauti ya WhatsApp usiku akitaka kitu cha tatu. Usipoandika jina la mwenye neno la mwisho, wewe ndiye utakuwa mwamuzi wa familia, na utalipa kwa saa zako. Sauti na simu zipokee kwa heshima, kisha jibu: "Asante mama, nitaomba liingie kwenye orodha ya kabineti." Hapo umemheshimu na hujafungua duru.

Kuhusu mteja anayekaa kimya, kuna watu wanaoandika "asiyejibu siku 5 amekubali". Mimi siipendi. Mwarkitekte akiwa kwenye shantye Kolwezi wiki nzima, ukirenda saa 156 juu ya kimya chake, akirudi atakataa, na sheria yako ya karatasi haitakurudishia umeme. Andika kwamba siku za kuchelewa kujibu zinaongezwa kwenye tarehe ya kukabidhi, na kwamba renda haianzi bila sahihi ya mlango wa pili. Inatosha.

Sasa mfano wa ombi la kuchelewa, uone hesabu inavyokwenda. Video imekwisha, na mteja anataka kochi la sebule liwe jekundu badala ya kijivu. Fungua video ya kijivu, tembea fremu kwa fremu, andika fremu ya kwanza na ya mwisho ambamo kochi linaonekana. Kipande cha 2 chote: fremu 650. Halafu ukiwa kwenye ngazi, kamera inatazama chini sebuleni, kochi linaonekana tena kwa fremu 100. Usisahau vioo na karo zinazong'aa, kwa sababu kochi linaweza kuwa halimo kwenye picha lakini kivuli chake chekundu kimo sakafuni. Tuseme hapa hakuna zaidi. Hesabu ni 650 × 5 pamoja na 100 × 4, yaani dakika 3,650, saa 61. Kwa saa 15 za kuran ni siku nne na kidogo, kwa hiyo mwambie tano.

Unaweza kuuliza, kwa nini usibadilishe rangi hiyo kwenye montaji tu? Inawezekana kama ulijiandaa. Kwenye Blender washa Cryptomatte kabla ya renda na uhifadhi fremu kama OpenEXR za tabaka nyingi. Baadaye unaweza kukamata kochi peke yake na kuligeuza rangi bila kurenda. Lakini kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni mwanga: kochi jekundu hutupa wekundu kidogo kwenye ukuta mweupe ulio karibu, na Cryptomatte haiujui wekundu huo. Kutoka kijivu kwenda kijivu cha giza hakuna atakayegundua. Kutoka kijivu kwenda nyekundu, ukuta utaonekana baridi na jicho litasema kuna kitu. Mpaka wa pili ni nafasi ya diski. Fremu ya aina hiyo ikiwa na megabaiti 30, kipande cha 2 peke yake ni karibu gigabaiti 20. Kwa hiyo fanya hivyo kwa kipande kimoja au viwili ambako unahisi mteja hajatulia, na uhesabu badiliko la namna hiyo kama kazi ya nusu siku ya mkono, bila saa za mashine. Kuhamisha kochi, kubadilisha umbo lake au kusogeza taa hakupiti hapa. Hayo ni renda upya.

Bei inafuata hesabu hiyohiyo. Namba ninazoweka ni za mfano, tia zako. Siku za mkono 12: modeli siku 4, rangi na taa siku 4, kamera na video ya kijivu siku 2 na nusu, montaji siku 1 na nusu. Kwa dola 50 kwa siku ni 600. Saa ya mashine usiiweke kwa kubahatisha. Kama kompyuta ilikugharimu dola 1,800 na unaitarajia ifanye saa 6,000 za renda kabla ya kuhitaji nyingine, kuchakaa kwake ni senti 30 kwa saa. Ongeza umeme, ukipima kwa mita (mashine yenye kadi moja ya grafiki inayofanya kazi kwa nguvu huvuta karibu wati 450), na kidogo cha betri za ondilere zinazokufa. Tuseme senti 60 kwa saa. Saa 180 ni dola 108. Viti na miti ya kununua, dola 42. Jumla 750.

Malipo yafuate milango: dola 300 za akonti wakati wa kusaini, 225 mlango wa pili ukisainiwa, kabla ya renda kuanza, na 225 za mwisho kabla ya kukabidhi faili safi. Ya kati ndiyo inayokulinda, kwa sababu baada ya hapo mashine yako imefungwa siku 12 kwa mtu mmoja na huwezi kuchukua kazi nyingine. Video zote za kukagua zitoke kwa 1280 × 720 zikiwa na jina lako katikati ya picha. Kwenye WhatsApp zitume kama dokima, si kama video, la sivyo zinabanwa na mteja atalalamikia ukungu ambao haumo kwenye kazi yako.

Bei ya ziada iandike kwenye devi hiyohiyo: "Duru ya ziada: dola 25 kwa nusu siku ya kazi, pamoja na fremu zilizoguswa × dakika za jedwali ÷ 60 × senti 60 kwa saa." Kochi jekundu, basi, ni 25 na 61 × 0.60, karibu dola 62 na siku tano. Wengi wakipewa namba hiyo wanajibu kwamba kijivu nacho ni kizuri.

Kuhusu tarehe: mkono siku 12, renda siku 12, na duru nne za milango miwili ya kwanza, siku 3 kila moja, ni siku 12 nyingine za mteja. Zikitumika zote ni siku 36. Usiandike "wiki tatu na nusu" kwa sababu renda na mkono vinaingia humo. Mteja naye ana siku zake, na ziwe na mstari wake.

Dakika kwa fremu ulizoandika kwenye devi ni makadirio, kwani modeli bado haipo. Lazima uzithibitishe baada ya mlango wa pili, kabla ya kuachia mashine. Renda fremu moja kwa kila 25:

```
blender -b vila.blend -s 1 -e 2250 -j 25 -a
```

Hizo ni fremu 90, kama saa 6 kwa jedwali letu, na zinakupa wastani wa kweli wa kila kipande. Andika kwenye devi: "Ikiwa kipimo kinazidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 20, tunachagua pamoja: kupunguza sekunde au kuongeza siku." Mara nyingi kinachozidisha ni miti. Mwembe mmoja wenye majani ya kweli karibu na dirisha unaweza kukuzidishia dakika za sebule nzima, ingawa unaonekana pembeni tu.

Fremu za kuruka hazionyeshi kucheza-cheza kwa picha. Kasoro hiyo inatokea unapopunguza sampuli na kuachia programu isafishe chembe: kila fremu inasafishwa peke yake, kwa namna tofauti kidogo, na ukuta mweupe unaanza kuchemka kama maji. Kwa hiyo renda pia fremu 25 zinazofuatana ndani ya sebule, zicheze kwa kurudia, na utazame pembe za plafo na nyuma ya mapazia. Zikichemka, ongeza sampuli au shusha Noise Threshold, na uhesabu dakika upya kabla mteja hajapewa tarehe.

Wakati wa renda yenyewe, ondoa `-j 25` kwenye amri, na toa fremu moja moja, usitoe faili la video. Kuran ikikatika katikati ya faili la video unapoteza yote. Kwa fremu unapoteza moja. Kwenye Output zima Overwrite, ili ukirudisha mashine amri ileile iruke zilizokwisha na kuendelea. Placeholders nayo iache imezimwa kama una mashine moja: inaumba faili tupu kabla ya kurenda, na umeme ukikatika faili hilo tupu linabaki, Blender inaliona kama fremu iliyokwisha na kuliruka. Utaligundua kwenye montaji, fremu moja nyeusi katikati ya sebule. Kabla ya montaji tafuta faili ndogo kuliko kawaida:

```
find fremu -name "*.png" -size -200k
```

Zinazotokea zifute kwa mkono baada ya kuzifungua, kisha rudia amri ya renda.

Kama unatumia programu za kurenda papo kwa papo, za aina ya Lumion au Twinmotion, fremu ni sekunde badala ya dakika na saa 156 zinayeyuka kuwa usiku mmoja au miwili. Milango inabaki ileile, lakini usimtoze mteja saa za mashine ambazo hukuzitumia. Pandisha bei ya siku yako ya mkono kama unaona ni ndogo.

Yaliyobaki ni yale ambayo hayamo, nayo yaandikwe kwa majina: toleo la plani lenye tarehe yake (plani ikibadilika baada ya mlango wa kwanza ni devi mpya), nyumba za majirani nje ya ukuta, watu wanaotembea, sauti ya msimulizi, na faili lako la `.blend`. Fremu unazihifadhi siku 60 baada ya kukabidhi, kisha unazifuta.

Wakikuambia 750 ni nyingi, usikate bei ya siku; kata jedwali. Kipande cha jioni kikitoka, dakika 900 zinaondoka, saa 15, siku nzima ya kuran. Kutoka fremu 25 kwenda 24 kwa sekunde kunakupa fremu 90 tu, si kitu. Na wakiuliza kama unaweza kuwapa 4K kwa bei hiyohiyo, picha ya 3840 × 2160 ina nukta mara nne ya 1920 × 1080, na muda unafuata karibu hivyohivyo: saa 720, siku 48 kwenye mashine yako. Waandikie mstari huo na bei yake, wachague wenyewe.